Namba ya Ploti

Mimi ni mpishi. Nimetoka Tanga, napika pilau na biriani kwenye hoteli moja hapa Nairobi, na dhambi yangu kubwa ni kumpunguzia mteja nyama siku ambayo bosi amesimama nyuma yangu anahesabu vipande. Lakini wiki mbili hizi nimetazamwa kama mnyakuzi wa ardhi. Kisa? Kibali cha kazi.

Majirani wananiambia, "Si nyinyi ni Afrika Mashariki, mnaingia tu?" Kuingia ndiyo, naingia tu. Pasi inagongwa muhuri mpakani na mtu unapita na mfuko wako wa dagaa. Kufanya kazi ni habari nyingine. Kwa Itifaki ya Soko la Pamoja, ile iliyoanza kutumika Julai 2010, ukipata mkataba wa kazi unaozidi siku 90 lazima uombe kibali, na una siku 15 za kazi tangu kusaini mkataba. Kibali cha kwanza hakivuki miaka miwili. Baada ya hapo unahuisha. Uzuri wake ni kwamba sisi wa Jumuiya hatulipii kibali hapa Kenya. Wenzetu Wakenya walioko Dar wanalipia, kwa hiyo mada hiyo siifungui ndani ya matatu.

Bure basi. Hiyo bure nimeipandia matatu mara tano, nimeitolea kopi mpaka kijana wa saiba akaniuliza kama nafungua shule, na nimeipigia picha mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza nilitabasamu. Nani aliniambia nitabasamu kwenye picha ya pasipoti? Tabia za Tanga.

Karatasi zenyewe hazina maajabu. Unataka barua ya mwajiri, mkataba, nakala ya pasi, nakala ya kibali kinachoisha na kadi ya mgeni. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu, maana mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kusajiliwa na kutiwa alama za vidole. Vidole vya mpishi! Miaka kumi na minane nashika sufuria bila kitambaa, dada wa mashine alinipangusa vidole kama anasugua chungu.

Shida yangu ilianza kwenye mstari mmoja wa fomu. Unaishi wapi?

Huko kwetu, tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba ya bibi yangu ina namba. Ina jina la mtaa na ina kibao. Nyumba haina choo cha maana, lakini kibao inacho. Na kabla ya vibao, mtu ukitakiwa kuthibitisha unapokaa unakwenda serikali ya mtaa, mwenyekiti anakujua, anakuandikia barua anagonga muhuri. Nairobi mwenyekiti wangu ni mama mboga. Ananijua vizuri, anajua hata siku ninazokopa, ila hana muhuri.

Mimi nakaa Pipeline, ghorofa ya sita. Mtu akitaka kuja namwambia shuka steji, fuata harufu ya mutura, ukiona geti la kijani piga simu. Anwani hiyo haijawahi kumpoteza mtu. Nikaiandika kwenye fomu, nikatoa mutura. Pale kwenye sanduku la posta nikaweka la mwajiri, maana hapa barua haziletwi mlangoni, na mpishi kukodi sanduku lake posta ni kutafuta ukubwa.

Afisa alikuwa mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia shikamoo, akaniangalia juu ya miwani, akacheka. "Wewe ni wa Tanzania." Pasi hajaifungua bado.

Akasoma karatasi zangu moja moja. Akazipanga tatu mezani kama karata. "Kaka, barua ya mwajiri inasema unaishi Umoja. Fomu inasema Pipeline. Mkataba hausemi chochote. Nimwamini nani?"

Kweli bwana. Nilipofika nilikaa Umoja, mwaka jana nikahamia Pipeline, na sikumwambia mtu ila yule wa mkokoteni aliyebeba kitanda. Ofisini kwetu wakachukua barua ya miaka miwili iliyopita, wakabadilisha tarehe, wakagonga muhuri. Nisimlaumu mtu, na mimi niliibeba bila kuisoma, nikiikunja vizuri isichafuke.

"Lete barua iliyorekebishwa," akasema, "na mkataba wa nyumba wenye namba ya ploti. Geti la kijani si anwani."

Nikamwonyesha meseji ya tokeni ya umeme. Akaisoma kwa upole wa mtu anayesoma ramli. Ina namba ya mita, ina yuniti, ina zile tarakimu ishirini za kubonyeza. Jina la mtaa haina. Na mita yenyewe si yangu, ni ya lendilodi.

Mkataba wa nyumba sasa. Ploti yetu haina mikataba, ina keateka. Unampa pesa, anakuandikia risiti ya kitabu, basi mmekubaliana. Nikamwambia nataka namba ya ploti, ile ya L.R. iliyo kwenye hati ya shamba. Keateka akaacha kufagia.

"Mbongo, unataka namba ya shamba ya mzee ya nini?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo. Nairobi unaweza kumuuliza mtu mshahara wake, unaweza kumuuliza mke wake yuko wapi. Usimuulize namba ya shamba. Watu wa hapa wamelizwa sana na hati za bandia, mtu anaamka asubuhi anakuta kiwanja chake kimeshauzwa mara mbili. Jioni ile ile lendilodi alikuja mwenyewe. Mzee yule hajawahi kuja hata bomba lilipopasuka tukawa tunaogelea kwenye ngazi. Safari hii alipanda ghorofa sita kwa miguu, na kijana wake, na keateka akiwa nyuma kama shahidi.

Nikawakaribisha, nikapakua pilau. Nikamweleza habari ya kibali tangu mwanzo. Akala, akasikiliza, akaomba kachumbari. Kisha akauliza, "Na hao wakishapata namba yangu, wataifanyia nini?"

Nikamwambia, "Mzee, wanataka tu kujua nikitafutwa napatikana wapi."

"Kwani umefanya nini?"

Ilichukua sahani tatu. Jumapili akaniletea mkataba wa ukurasa mmoja, jina langu limekosewa herufi moja. Nikamrudishia kwa adabu, maana nilishajua macho ya yule mama wa ofisini, jina lisipolingana na la kwenye pasi tunaanza upya. Akaandika mwingine. Namba ya ploti aliiandika kwa mkono wake, huku akiifunika kwa kiganja kama mtoto anayezuia mwenzake asiibie mtihani. Ofisini kwetu nao wakatoa barua mpya, safari hii niliisoma kabla ya kukunja.

Yule mama akazipanga tena mezani. Pipeline, Pipeline, Pipeline. Akapokea. "Ukihama tena," akasema, "tuambie kabla ya kumwambia mtu wa mkokoteni."

Kwa hiyo nasubiri. Tatizo lililobaki ni lendilodi. Sasa anakuja kila Jumapili, saa ya chakula hasa, anakaa kwenye kiti changu kimoja, anakula, ananawa, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Na ile namba, bado iko nao?"