Kijiko Kikubwa Hakimaanishi Protini Nyingi

Vijana wanaonyanyua vyuma hapa Kigoma, wanapochagua unga wa protini, huulizana kwanza kijiko kimoja kina gramu ngapi za protini. Kwa maoni yangu swali hilo halitoshi, kwa sababu ukubwa wa kijiko huamuliwa na mtengenezaji, naye anaweza kupandisha namba iliyo mbele ya kopo kwa kuweka kijiko kikubwa zaidi, bila kuongeza chochote katika ubora wa unga.

Tuchukue makopo mawili ya mfano. La kwanza limeandikwa gramu 30 za protini kwa kipimo cha gramu 46. La pili, gramu 24 kwa kipimo cha gramu 30. Wengi watalichukua la kwanza. Lakini ukigawanya protini kwa uzito wa kipimo, kisha ukazidisha kwa 100, la kwanza linatoa takribani gramu 65 katika kila gramu 100 za unga, na la pili linatoa 80. Tuseme la kwanza lina kilo moja na linauzwa shilingi 120,000, na la pili lina gramu 907 kwa shilingi 130,000. La kwanza lina gramu 652 za protini, yaani shilingi 184 kwa gramu; la pili lina takribani gramu 726, yaani shilingi 179. Lile linaloonekana ghali ndilo nafuu, ingawa kwa tofauti ndogo.

Angalia pia kama kipimo kilichotajwa ni kijiko kimoja au viwili, jambo ambalo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo. Zaidi ya hapo, kijiko hupima ujazo, si uzito. Unga ulioshindiliwa safarini hujaa kijikoni kwa uzito mkubwa kuliko unga uliotikiswa, na kijiko chenye kilima kinaweza kubeba gramu 38 badala ya 30. Ndiyo maana kopo la vipimo 30 huisha mapema, na mnunuzi akadhani amepunjwa. Mizani ndogo ya jikoni humaliza ubishi huo.

Hesabu hii ina mpaka wake. Maabara kwa kawaida hupima naitrojeni, kisha huikadiria kuwa protini, kwa hiyo asidi amino za bei rahisi kama glisini zikiongezwa, namba hupanda bila mwili kupata protini kamili ya maziwa. Kama glisini au taurini imetajwa kwenye orodha ya viambato, mimi siiamini asilimia ya kopo hilo. Vilevile, unga wa protini ya maziwa uliochujwa sana hufikia takribani gramu 90 tu kwa 100, kwani lazima kibaki kiasi cha maji, madini na ladha. Lebo inayodai gramu 30 za protini katika kijiko cha gramu 30 inadai kisichowezekana. Unga wa chokoleti nao mara nyingi huwa chini kidogo ya ule usio na ladha, kwa sababu kakao imechukua nafasi, na hilo halina udanganyifu wowote.