Cheti Changu Kina Kitambi

Jamani, mimi nilijua wanaonenepa ni watu. Kumbe na cheti cha kidato cha nne kinanenepa! Nimekaa Mwanga hapa Kigoma naomba kazi mtandaoni, fomu inaniambia faili lisizidi 500 KB. Cheti nilichokipiga picha kwa simu kina 4.2 MB. Yaani zaidi ya mara nane. Cheti chenyewe cha daraja la nne, sijui hizo MB kinazitoa wapi.

Nikajifanya fundi, nikakifunga zipu. Kikatoka na 4.1 MB. Baadaye nilielewa: picha ya JPEG imeshabanwa tangu inatoka kwenye kamera. Kuibana tena kwa zipu ni sawa na kukamua dagaa wa Kibirizi aliyekwisha kauka. Utatoa maji gani? Na fomu yenyewe ilitaka JPG au PDF, zipu haikuitambua kabisa.

Akili ikanituma kwenye grupu la ukoo. Ukituma picha kule inapunguzwa yenyewe njiani, labda uitume kama dokumenti. Nikatuma, nikaipakua: 130 KB! Nikacheka peke yangu. Nikaikuza nisome. Mwaka 2003 unasomeka 2008, mhuri umekuwa doa la mchuzi. Huku shangazi ameshaandika, "Hongera baba, kumbe umepata kazi!"

Nikabeba aibu yangu hadi steshenari. Binti wa pale akauliza, "Baba, ya mwanzo kabisa unayo?" Maana iliyokwisha fifia haifufuki, na ukiibana tena inazidi kuharibika. Nikampa ile ya 4.2 MB.

Kwanza akakata pembezoni. Cheti nilikipiga picha juu ya kitambaa cha meza cha mke wangu, chenye maua. Binti anasema maua yale yana mistari na rangi nyingi, kila moja inataka nafasi yake, wakati karatasi nyeupe haidai kitu. Nimebeba bustani kubwa kuliko alama zangu! Halafu akapunguza vipimo. Picha ya mwanzo ilikuwa pikseli 3000 kwa 4000, yaani milioni 12. Akaishusha hadi 1200 kwa 1600, chini ya milioni 2. Ubora akauweka 80, akahifadhi kwa jina jingine ili ile ya mwanzo ibaki.

340 KB. Akaikuza, akanisomesha namba ya mtihani tarakimu moja moja, kisha mhuri. 3 ni 3. Nikalipa, nikapandisha, fomu ikakubali.

Ukurasa wa pili: pasipoti saizi, isizidi 100 KB. Nami niliyonayo nimesimama mbele ya kanga ya maua.

Simu ikatetemeka. Shangazi tena: "Mshahara wa kwanza usinisahau, bati langu linavuja."