Meseji haina "kiwango cha kufunguliwa", tusidanganyane

Kila nikikutana na watu wanaouza meseji za mkupuo naambiwa eti asilimia tisini na kitu ya sms zinafunguliwa, na kila mara nauliza mmejuaje? Maana sms haina kitu ndani yake kinachorudi kusema nimesomwa. Kinachorudi ni ripoti ya kufika, yaani mtandao unasema simu imeipokea, basi. Mtu anaweza kuifuta bila kuiangalia na ripoti yako itabaki vilevile.

Imeili angalau ina kapicha kadogo kasikoonekana, kakipakuliwa imeili inahesabiwa imefunguliwa. Lakini tangu 2021 programu ya Apple Mail inaweza kupakua picha hizo yenyewe kabla mwenye simu hajagusa kitu, na kuna wengine wamezima picha wanasoma maandishi tu, kwahiyo huku unahesabu wasiosoma na kule unawakosa waliosoma. Mimi nahesabu waliojibu au waliokuja kununua.

Mwaka jana nilisaidia duka moja la vitenge Kariakoo. Mama mwenye duka alikuwa na namba 1,200 kwenye daftari, anataka zote zitumiwe ofa ya Idi. Tukakaa tukapitia ukurasa kwa ukurasa, kumbe 400 tu ndio walioulizwa pale kaunta "nikutumie ofa zikija?" wakakubali. Zile 800 zilitoka kwenye malipo ya simu. Nikamwambia mama, hawa walikupa namba ili walipe, hawakukupa ili uwatangazie. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, inataka taarifa ya mtu itumike kwa lile jambo iliyochukuliwa. Hakufurahi ila alikubali.

Tukaja kwenye majina. Alitaka kila meseji ianze na jina la mteja, lakini majina mengine yalikuwa ya aliyelipa siyo aliyenunua, sasa unamwandikia dada "Habari Hamisi" kwa sababu mume ndiye alirusha hela, hapo anajua moja kwa moja kuwa humjui. Tukaacha majina, tukagawa kwa walichonunua: waliochukua vitenge vya sare za harusi wakapata meseji yao, wa kushona nguo za kila siku yao. Huko ndiko kumjua mteja kwa kweli.

Halafu kuna hii ya alama, imenikera mpaka leo. Meseji yetu ilikuwa na herufi 130, na sms moja inabeba 160, lakini nilipojaribu kujitumia mwenyewe salio likakatwa mara mbili. Nimeisoma weee mpaka nikaona neno kung’aa. Nilikuwa nimeandika kwenye programu ya kuandikia na ile alama ikajipinda, na alama iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za sms, ikiingia moja tu meseji nzima inahamia mfumo wa herufi 70. Nikaweka iliyonyooka, kung'aa, ikarudi kuwa sms moja. Emoji nayo inafanya hivyohivyo, na kwa Kiswahili chetu chenye ng' kila mahali ni lazima uangalie.

Sasa kupima. Kati ya wale 400 tulichagua 100 kwa bahati nasibu hatukuwatumia kitu, 300 tukawatumia. Ndani ya wiki moja katika 300 walikuja kununua 24, yaani asilimia 8. Mama akashangilia watu 24! Lakini katika wale 100 ambao hawakupata meseji walikuja 5, asilimia 5, kwa sababu ni Idi na watu wangekuja tu. Kwahiyo katika 300, kama 15 wangekuja hata bila meseji, tulichokileta sisi ni watu 9. Na hata hiyo 9 naishika kwa tahadhari, kwenye kundi la watu 100 hao 5 wangeweza kuwa 3 au 8 kwa bahati tu, ndiyo maana nilimwambia turudie jaribio kwenye ofa mbili zijazo kabla hatujaamua kama hela inarudi.

Kitu kingine ninachokiangalia ni wanaotaka kutoka. Meseji nyingi zinaandikwa "jibu ACHA" huku mtumaji ni jina la duka, na meseji iliyotoka kwa jina huwezi kuijibu, mteja akiandika ACHA haiendi popote! Mwenye kampeni anaona hakuna aliyelalamika, anafurahi, kumbe mlango umefungwa. Sisi tuliweka namba ya simu ya duka mwishoni mwa meseji. Wakapiga watu 6 kuomba kutolewa, na mama akawakata kwenye daftari kwa kalamu nyekundu siku hiyohiyo.