Kubahatisha au kuacha wazi kwenye mtihani wa kuchagua?

"Kaka, Jumamosi nina intavyuu ya kuandika hapa Dar, maswali 40 ya kuchagua, ukikosa wanakata nusu maksi. Nisilotulia nalo nijaze tu au niache wazi?"

Mtaani kuna kambi mbili. Wa kwanza wanakwambia jaza yote, ana ana ana do, maana tumekulia kwenye mitihani ya kosa halikatwi, na huko kweli kuacha wazi ni kujiibia mwenyewe. Wa pili wanasema wakikata usiguse usilolijua. Mi naona wote wanasahau kuuliza umebakiza majibu mangapi.

Chukua swali hili: bei 48,000 imepunguzwa asilimia 15, sasa ni ngapi? A 7,200, B 33,000, C 40,800, D 55,200. D imepanda badala ya kushuka, itoe. A ni punguzo lenyewe, mtego wa mwenye haraka, nayo toka. Zimebaki B na C, na hapo hata kama hesabu imekugomea usiache wazi.

Kwa nini? Tuseme una maswali 12 ya namna hiyo, kila moja umebakiza mawili. Kwa wastani utapata 6 na kukosa 6, unavuna 6 unakatwa 3, faida 3. Ukiwa na uhakika na 18 na wanataka 20, hizo 3 ndo zinakuvusha. Ila yale 12 yangekuwa huna hata moja la kutoa, majibu yote manne yapo, ungepata kama 3 na kukosa 9, yaani unakatwa 4.5, umeshapoteza maksi moja na nusu bure. Ukibakiza matatu ni sare, hapo angalia hali yako: kama ulizonazo zinatosha acha, kama zinapelea jitupe. (Wakikata robo badala ya nusu, hata kubahatisha kati ya manne kuna kafaida kadogo.)

Kambi ya pili wana hoja moja nzito lakini. Hesabu yangu inaamini ulichokitoa ni kibovu kweli, na watu wengi tunatoa jibu kwa sababu tu halijatukalia vizuri, kumbe ndo lenyewe. Jipime leo usiku: fanya mtihani wa zamani, weka duara kwenye kila swali ulilobahatisha kati ya mawili, sahihisha hayo peke yake. Kwenye 12 ukipata 4 umetoka sare, chini ya hapo bora uache wazi, kambi ya pili wamekushinda.

Na ukiruka swali angalia namba kwenye karatasi ya kusiliba. Mi niliwahi kuruka la 17, jibu la 18 nikalisiliba kwenye 17, nikaja kushtuka niko la 31, na raba nilikuwa sina.