Pointi zikilingana, nani anakaa juu?

Shabiki wa Cranes, timu ya taifa ya Uganda, haisahau tarehe 8 Oktoba 2011, siku ya mwisho ya kufuzu AFCON 2012. Tulitoka suluhu na Kenya pale Namboole, Angola ikamaliza na pointi 12, sisi 11. Kwetu hapakuwa na la kubishania: ushindi ni pointi 3, sare 1, ukifungwa hupati kitu, na pointi ndizo zinazotazamwa kwanza. Ubishi ulikuwa kundi jingine, siku hiyohiyo.

Afrika Kusini, Niger na Sierra Leone zilimaliza zote na pointi 9. Afrika Kusini ilifunga mabao 4 ikafungwa 2, kwa hiyo tofauti yake ya mabao ilikuwa +2. Sierra Leone ilikuwa na sifuri, Niger -2. Baada ya suluhu na Sierra Leone kule Nelspruit, wachezaji wa Afrika Kusini walishangilia na kucheza uwanjani. Iliyofuzu ni Niger.

Kanuni za CAF zilianza na mechi za waliolingana wenyewe. Unaziweka kando mechi zote dhidi ya Misri, timu ya nne, kisha unapanga msimamo mdogo wa hizo tatu. Niger iliwafunga wote wawili nyumbani, ikafungwa na wote ugenini: pointi 6. Afrika Kusini iliifunga Niger mara moja, ikafungwa nayo mara moja, na kutoka suluhu na Sierra Leone mara mbili: pointi 5. Sierra Leone nayo 5. Kipigo cha 3-0 ambacho Niger ilipata kwa Misri siku hiyo hakikuingia kwenye hesabu hii.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja nzito. Mkia wa kundi akishakata tamaa, anaweza kufungwa mabao sita na mpinzani wako na kumpandisha, wakati wewe ulikutana naye bado ana nguvu. Kwa nini ubebe mzigo huo, nawe ulishamshinda mpinzani huyo ana kwa ana?

Hata hivyo mimi naegemea tofauti ya mabao, hasa kwenye ligi ndefu ambako kila timu inakutana na kila timu nyumbani na ugenini. Kila bao la msimu mzima lina uzito, na shabiki anaisoma hesabu palepale kwenye msimamo. Ile ya mechi baina yao haionekani kwenye jedwali la kawaida, na ndiyo sababu Afrika Kusini iliridhika na sare. Bao 1 tu lingewapa pointi 11, na hesabu ya kulingana isingehitajika kabisa.

Cranes wenyewe hucheza chini ya kanuni zote mbili. Kwenye makundi ya kufuzu Kombe la Dunia tofauti ya mabao hutangulia. Kufuzu AFCON, mechi baina ya waliolingana.