Ngazi unayo, farasi je?

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: jamaa kasimama juu ya Ukuta Mkuu wa China, anacheka kwamba wafalme wa ukoo wa Ming walioujenga walijisumbua bure, maana mtu akiwa na ngazi anapanda tu. Wachangiaji wakamshangilia kama kagundua dawa.

Haya, ngazi unayo. Farasi utampitisha wapi?

Mvamizi wa Kimongolia aliishi juu ya farasi. Bila farasi ni mtu na upinde wake, anatembea kwa miguu milimani kwa adui, na ng'ombe aliowapora hawawezi kushuka ngazi. Ili apite na wanyama lazima avunje lango au abomoe sehemu ya ukuta. Hiyo inachukua muda, na muda ndio Ming waliokuwa wakiutafuta. Mwaka 1550 waliukosa: wapanda farasi wa Altan Khan, mtawala wa Wamongolia, waliingia upande wa Gubeikou, njia ya mlimani kaskazini-mashariki ya Beijing, wakapora na kuchoma viunga vya Beijing.

Ndipo miaka ya mwisho ya 1560 akaletwa Qi Jiguang, jenerali aliyekuwa amewachapa maharamia wa pwani ya kusini. Aliona kitu ambacho jamaa wa video hakioni: askari walikuwa wametawanyika ukutani, wakichapwa na jua na theluji, bila mahali pa kuhifadhi silaha. Akajenga minara ya matofali yenye uwazi ndani, zaidi ya 1,000. Mmoja ulikaa askari 30 hadi 50 pamoja na chakula, mishale na baruti. Iliwekwa karibu karibu, adui akifika katikati apigwe kutoka pande mbili. Nenda kwenye kipande cha ukuta cha Jinshanling utazame: juu ya ukuta wenyewe, penye mwinuko, kuna vikuta vifupi vilivyokatiza njia, vyenye matundu ya kupigia. Yaani walijua fika kwamba wako watakaopanda! Wakapanga namna ya kuwapokea.

Na kuupitisha ukuta kwenye mgongo wa mlima si urembo wa picha. Mteremko wa nje unakuongezea urefu ambao hukuulipia, na moshi wa ishara wa mnara mmoja unaonekana na wa pili. Gharama yake ni mgongo wa binadamu: msingi wa mawe ya kuchonga, kuta mbili za matofali, katikati kifusi na udongo, vyote vikipandishwa huko juu. Chokaa waliichanganya na uji wa mchele unaonata, ikashika kwelikweli. Adui mbaya zaidi ni maji. Yakipenya kwenye kifusi, ukuta unavimba tumbo, kisha unapasuka. Ndiyo maana juu walisakafia matofali na kuweka mifereji.

Sawa, mwaka 1644 Wamanchu, maadui kutoka kaskazini-mashariki, walipita lango la Shanhaiguan, lakini walifunguliwa na jenerali wa Ming, Wu Sangui. Tofali halina kosa hapo.

Ninalokubali, tena kwa shingo upande, ni hili: Altan Khan alikuwa akiomba soko miaka mingi, akinyimwa. Mwaka 1571 Ming walimpa cheo na kufungua masoko ya farasi, na uvamizi wa upande wake ukapungua sana. Qi aliendelea kujenga minara yake vilevile.