Hiyo pai imetoka wapi?

Juzi nilishika daftari la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kanuni ya Stirling ya kukadiria n!, yaani n! ≈ √(2πn) · nⁿ e⁻ⁿ, ilikuwa imezungushiwa kiboksi, na pembeni ameandika: "π imetoka wapi?" Chini yake, kwa wino mwekundu wa mwalimu: "Kariri." Nimekasirika, na hasira haijaisha. Swali lile lilikuwa zuri kuliko kila kitu kingine kwenye ukurasa ule, na jibu lake halizidi nusu ukurasa.

Tunaanza na integrali ambayo mwanafunzi huyo tayari anaijua, kuanzia sifuri hadi infiniti:

```
n! = ∫ tⁿ e⁻ᵗ dt
```

Sehemu ya kwanza inapanda kwa kasi, ya pili inashuka kwa kasi, na zinapopambana kinatokea kilele kimoja chembamba. Chukua n = 100. Kilele kiko t = 100. Ukirudi hadi t = 50, kimo hakifiki hata sehemu moja kwa milioni 200 ya kile cha kileleni. Karibu eneo lote limejibana kati ya 70 na 130. Sasa kwa nini tuhangaike na infiniti nzima?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanachukua tⁿe⁻ᵗ yenyewe na kuiweka parabola kileleni. Parabola hiyo hukata mhimili, ikazama chini ya sifuri na kuendelea kuzama, na integrali yake haina maana yoyote. Chukua logi kwanza. Logi ni n ln t − t. Mteremko wake, n/t − 1, ni sifuri t ikiwa n. Drivativu ya pili, −n/t², pale kileleni ni −1/n. Parabola unaiweka kwenye logi, halafu unarudisha e:

```
tⁿ e⁻ᵗ ≈ nⁿ e⁻ⁿ · e^(−(t−n)²/(2n))
```

Hiyo ni kengele ya Gauss, na upana wake ni √n. Eneo chini yake ni √(2πn). Basi, pai ndiyo hiyo! Imetoka kwenye kengele, na kengele imetoka kwenye umbo la kilele. De Moivre alikuwa amelifikia umbo la kanuni hii, lakini aliyetambua kwamba namba iliyobaki ni √(2π) ni Stirling, mwaka 1730. Mwanafunzi wetu aliuliza kuhusu kipande kilekile.

Kwa n = 10, kadirio ni 3,598,696, na jibu kamili ni 3,628,800. Limepungua kwa asilimia 0.83. Nakubali, ukijumlisha tu logi za 1 hadi n utapata n ln n − n haraka zaidi, na kwa kazi nyingi inatosha. Lakini √(2πn) huioni hapo, na kwa n = 10 ukiiacha, jibu linakuwa dogo karibu mara nane.

Kuna jambo ninalotaka kila mwalimu alionyeshe ubaoni, nalo ni kile tulichotupa. Rudi kwenye n = 100. Kwenye t = 110 kimo halisi ni 0.626 ya kilele. Kwenye 90 ni 0.585. Kengele inasema 0.607 pande zote mbili. Kilele halisi kimeegemea kulia, lakini wastani wa pande hizo mbili ni 0.605. Egemeo hilo linatoka kwenye kipande cha kipeo cha tatu cha logi, ambacho parabola ilikiacha, na kwa kuwa kinaongeza upande mmoja na kupunguza mwingine, kwa hatua ya kwanza kinajifuta. Ndiyo maana kosa la uwiano hupungua kama 1/n, si kama 1/√n.

Hakijifuti chote, hata hivyo. Niliwahi kuhangaika jioni nzima nikitafuta marekebisho. Niliweka kipeo cha nne tu, kinachotoa −3/(4n), na kadirio langu la 10! likashuka hadi kama 3,328,793: kosa la asilimia 8, mara kumi ya kutorekebisha kabisa. Nilichokisahau ni mraba wa kile kipande cha tatu. Hasi ikizidishwa kwa hasi haijifuti tena, na kinaleta +5/(6n). Toa 3/4 kwenye 5/6, inabaki 1/12. Zidisha kadirio la kwanza kwa 1 + 1/120, unapata 3,628,685. Tofauti na jibu kamili ni 115 tu, kati ya zaidi ya milioni tatu na nusu.

Njia hii ni ya Laplace, tangu 1774, na mpaka wake unajulikana: kilele kikikaa mwishoni kabisa mwa eneo la integrali, kikiwa bado na mteremko sifuri, unahesabu nusu ya kengele tu.

Mwalimu, tafadhali, rudi kwenye daftari lile. Futa neno "Kariri", na uchore kengele.